Chuchu iliyopasuka: tazama umbo lake inapotoka mdomoni

Mzazi anapolalamika kwamba chuchu zimepasuka, macho ya kila mtu hukimbilia kidonda. Sisi tunaowasaidia wazazi kunyonyesha tumejifunza kuangalia kwanza kitu kingine, nacho huonekana kwa sekunde chache tu: umbo la chuchu pale inapotoka mdomoni mwa mtoto. Chuchu iliyonyonywa vizuri hutoka imerefuka kidogo, lakini bado ni ya duara kama ilivyoingia. Iliyonyonywa vibaya hutoka imebonyea, bapa upande mmoja kama ncha ya lipstiki mpya iliyokatwa mshazari, na mara nyingi ina mstari mweupe unaopita juu ya ncha. Pale penye mstari ndipo ngozi inapopasuka siku inayofuata. Ukiona umbo hilo umeshapata chanzo cha kidonda, na hakuna mafuta wala malhamu itakayokiponya mtoto akiendelea kuibana chuchu vilevile mara 10 kwa siku.

Tuchukue mzazi mmoja wa mtoto wa kwanza, siku ya 4 baada ya kujifungua, kwa sababu hali yake ndiyo tunayokutana nayo mara nyingi kuliko zote. Chuchu ya kulia ilikuwa na mpasuko mfupi kwenye ncha, wenye damu iliyokauka. Ya kushoto ilikuwa nyekundu bila kidonda. Mtoto akishika titi, mama alikuwa anauma meno na kukunja vidole vya miguu tangu mwanzo wa kunyonya hadi mwisho. Kwa hofu ya maumivu alikuwa ameanza kuchelewesha, akisubiri hata kwa muda wa saa 5 ndipo amweke mtoto titini. Matokeo yake yalikuwa yameanza kuonekana pande zote mbili: matiti yalikuwa yamejaa na kukaza, na mtoto aliyezaliwa na gramu 3,200 alikuwa na gramu 2,940, akikojoa mara 3 tu kwa siku nzima. Kupungua asilimia 8 katika siku za mwanzo si ajabu, lakini kulikuwa karibu na kikomo cha asilimia 10, na mikojo 3 kwa siku ya 4 ni michache. Mama mzazi wake alikuwa pembeni akimfariji: "Vumilia mwanangu, chuchu ikikomaa hutasikia tena."

Kauli hiyo husemwa kwa upendo, na ina chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana haifi. Katika wiki ya kwanza wazazi wengi husikia mchomo mtoto anaposhika titi, kwa sababu chuchu inavutwa kwa namna ambayo haijawahi kuvutwa, na mchomo huo hutulia ndani ya nusu dakika hadi dakika moja maziwa yanapoanza kutiririka. Huo wa kuvumilia upo. Lakini maumivu yanayoendelea muda wote wa kunyonya, au yanayoacha mpasuko, malengelenge au damu, si ya kukomaa. Ngozi haikomai kwa kubanwa, inachanika tu. Kwa sababu hiyohiyo, kusugua chuchu kwa kitambaa kikavu wakati wa ujauzito "ili zikomae" hakusaidii kitu, na huondoa mafuta ya asili yanayotolewa na vipele vidogo vilivyomo kwenye weusi wa titi.

Ili uelewe kwa nini chuchu inapondwa, pitisha ulimi wako kwenye kaakaa, ukianzia nyuma ya meno ya mbele kuelekea kooni. Mwanzoni unagusa mfupa mgumu wenye mikunjo. Ukiendelea nyuma, unafika mahali panapokuwa laini. Chuchu ya mama inatakiwa kufika karibu na mpaka huo, ambako hakuna mfupa wa kuikwaruza. Ili ifike huko, lazima mtoto achukue sehemu kubwa ya titi, wala si chuchu peke yake. Ulimi wake hukaa chini ya titi, juu ya ufizi wa chini, na taya lake la chini hukandamiza weusi wa titi. Mtoto aliyeshika chuchu pekee huiacha mbele, kati ya ulimi na kaakaa gumu, na kila anapovuta huisaga pale. Tena hapati maziwa ya kutosha, maana yanatoka kwa kukandamizwa titi lililo nyuma ya chuchu. Ndiyo maana chuchu yenye kidonda na mtoto asiyeongezeka uzito huja pamoja mara nyingi: kosa ni moja, linaumiza watu wawili.

Tulimwomba mama yule anyonyeshe kama alivyozoea, tukatazama bila kumgusa. Mtoto alikuwa amelala chali mapajani, kichwa tu kikiwa kimegeuzwa kuelekea titi. Jaribu kumeza maji ukiwa umegeuza shingo hivyo, utajua ugumu wake. Mama alikuwa ameinama mbele kumfuata mtoto. Alikuwa amelibana titi kwa kidole cha shahada na cha kati, kama anayeshika sigara, na vidole vyenyewe vilikuwa karibu kabisa na chuchu, mahali ambapo mdomo wa mtoto ulitakiwa kukaa. Mtoto alipofungua mdomo nusu, mama aliisukuma chuchu katikati ya midomo, naye akaufunga. Mashavu yaliingia ndani na kufanya vishimo. Alinyonya harakaharaka, kwa mvuto mfupimfupi, na sauti ya ulimi kualika ikasikika badala ya mmezo. Baada ya dakika moja mama alianza kumvuta mtoto ili amtoe.

"Usimvute, mama. Ingiza kidole kwanza." Kumvuta mtoto aliyeshika ni kuongeza jeraha juu ya jeraha. Kidole kidogo kilichooshwa, chenye ukucha mfupi, huingizwa kwenye pembe ya mdomo hadi kipite kati ya fizi. Mfyonzo ukikatika utasikia, na titi litatoka lenyewe. Alipofanya hivyo, chuchu ilitoka bapa, na mstari mweupe ulikuwa palepale penye mpasuko.

Kabla ya kujaribu tena tulishughulikia ujazo. Watu wengi huruka hatua hii, kisha wanashangaa kwa nini mtoto "hataki" kufungua mdomo vizuri. Siku ya 3 hadi ya 5 maziwa yanapoongezeka, weusi wa titi unaweza kukaza kama mpira uliojazwa upepo, na chuchu ikawa fupi. Mtoto hawezi kulikunja titi la namna hiyo mdomoni, kwa hiyo huteleza hadi kwenye ncha. Dawa yake ni kulainisha eneo hilo tu. Mama huweka ncha za vidole vya mikono yote miwili kuizunguka chuchu, pale inapoanzia, kisha hubonyeza taratibu kuelekea kifuani na kukaa hivyo kwa dakika moja au zaidi, mpaka aone eneo limelegea. Kisha hukamua kidogo kwa mkono, kijiko kimoja au viwili. Hakuna haja ya kulimaliza titi, linatakiwa kulainika tu kiasi cha kukunjika.

Baada ya hapo ndipo mpakato. Mama aliegemea nyuma kidogo, mabega yakalegea, na mtoto akaletwa juu kwa mto hadi usawa wa titi. Mtoto aligeuzwa mwili mzima, tumbo lake likagusana na tumbo la mama, na sikio, bega na nyonga vikakaa kwenye mstari mmoja. Tulianza na titi la kushoto, lenye nafuu, kwa sababu mtoto mwenye njaa huvuta kwa nguvu zaidi mwanzoni, na maziwa yakishaanza kushuka titi moja huanza kushuka na la pili. Mkono wa kulia wa mama ulimshika mtoto mabegani, kidole gumba na vidole vingine vikaishika shingo chini ya masikio. Kisogo hakiguswi. Mtoto anayesukumwa kisogoni hurudisha kichwa nyuma na kujipinda, halafu watu husema analikataa titi.

Mkono wa kushoto ulilishika titi kwa chini, vidole vikiwa bapa karibu na mbavu na kidole gumba upande wa pili, vyote mbali na weusi. Hapo unaweza kulibana titi kidogo liwe kama mkate mnene unaotaka kuung'ata. Bano linafuata mdomo wa mtoto: midomo ikiwa wima, titi linabanwa kutoka pembeni ili nalo liwe wima. Wengi hubana kinyume na kulifanya titi kuwa pana kuliko mdomo.

Sasa inakuja sehemu ambayo hubadilisha kila kitu. Pua ya mtoto ndiyo inayoelekezwa kwenye chuchu, wala si mdomo. Chuchu inaugusa mdomo wa juu, mtoto anainua kidevu na kupanua mdomo kuitafuta. Unasubiri. Mpanuo wa kwanza mara nyingi ni mdogo, usiuchukue. Subiri mdomo ufunguke kama wa mtu anayepiga miayo, ulimi ukiwa chini, ndipo umlete mtoto kwenye titi kwa haraka, kidevu kikitangulia. Mdomo wa chini unatua mbali na chuchu, chini kabisa kwenye weusi, na chuchu inaingia mwisho, ikielekea juu kwenye kaakaa. Mtoto ndiye anayeletwa kwenye titi. Titi likipelekwa kwa mtoto, mkono wa mama ukichoka linarudi mahali pake na mtoto anabaki na ncha.

Mama yule alikosa mara mbili. Mara ya kwanza aliharakisha kabla mdomo haujapanuka. Mara ya pili alisubiri vizuri, lakini alimleta mtoto polepole, na mdomo ukawa umeshafungwa ulipofika titini. Zote mbili alimtoa kwa kidole akaanza upya. Huu ndio ushauri mgumu kuliko yote kwa mtu mwenye kidonda, kwa sababu kumtoa mtoto ina maana ya kuupokea ule mchomo wa mwanzo tena. Lakini mshiko mbaya ukiachwa "kwa leo tu", unasaga kidonda kwa dakika 20 nzima. Kuanza upya mara tatu kunauma kidogo kuliko kuvumilia mara moja.

Mara ya tatu ilikaa. Kidevu kilizama kwenye titi, pua ikawa huru, mdomo wa chini ukapinduka nje, na weusi ulionekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini yake. Mashavu yalikuwa ya mviringo. Mtoto alinyonya harakaharaka kwa muda mfupi, kisha mwendo ukabadilika: mvuto mrefu, kituo kidogo, mmezo, mvuto mrefu tena. Mama alikunja uso kama sekunde 20, halafu uso ukakunjuka. Mtoto alipoliachia titi mwenyewe, chuchu ilitoka ndefu na ya duara.

Titi la kulia lilihitaji mpakato tofauti. Mtoto akishika kwa pembe ileile kila mara, shinikizo kubwa linaangukia sehemu ileile. Kwa hiyo alipakatwa kwapani: mwili wake ukalala kwenye mto ubavuni mwa mama, miguu ikielekea nyuma, kichwa mbele chini ya titi, huku mkono wa mama wa upande huohuo ukishika mabega yake. Mpakato huu humwezesha mama kuuona mdomo wa mtoto waziwazi, na unamfaa sana mwenye matiti makubwa au aliyejifungua kwa upasuaji, kwa sababu tumbo haliguswi. Maumivu yalikuwepo, kwani mpasuko ulikuwa wazi, lakini yalitulia baada ya kama dakika moja. Hiyo ndiyo tofauti unayotakiwa kuijua siku ya kwanza ya marekebisho: kidonda kilichopo kitaendelea kuuma mwanzoni kwa siku kadhaa hata mshiko ukiwa sahihi. Kipimo ni kama maumivu yanashuka wakati wa kunyonya, na kama chuchu inatoka na umbo lake.

Ngozi yenyewe haitaki mambo mengi. Baada ya kunyonyesha, kamua matone machache ya maziwa, yapake juu ya chuchu, yaache yakauke kwa hewa kabla ya kuvaa. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2014 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, yalionyesha kwamba kutopaka kitu, au kupaka maziwa ya mama peke yake, kunaweza kusaidia maumivu ya siku za mwanzo sawa na kupaka malhamu kama lanolini, au hata zaidi. Hii haimaanishi lanolini ni mbaya. Mpasuko unaokauka na kushikana na nguo huchanika upya kila unapovua, na hapo tabaka jembamba la lanolini safi, kiasi cha punje ya njegere kilichosagwa kwanza kati ya vidole, huzuia hilo, na halihitaji kufutwa kabla ya mtoto kunyonya. Atakayepata mwasho au vipele aiache. Mwenye mpasuko wenye ukoko anaweza pia kuosha kwa maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa na kupoa hadi uvuguvugu, chuchu ikazamishwa dakika moja, kisha ikasuuzwa kwa maji safi ili mtoto asiikute chumvi. Maji hayo yatengenezwe mapya kila siku.

Sabuni kwenye chuchu hapana, spiriti hapana, na dawa ya meno inayopakwa na baadhi ya watu kwa sababu inapooza ni kuchoma ngozi iliyo wazi. Asali tunaikataza kwa sababu nyingine kabisa: mtoto aliye chini ya mwaka 1 hatakiwi kuimeza, kwa kuwa inaweza kubeba vimelea vya botulizimu, ugonjwa wa sumu unaopooza misuli. Kuoga kawaida kwa maji mara moja kwa siku kunatosha. Vitambaa vya kunyonya maziwa ndani ya sidiria vibadilishwe vinapolowa, na kikigandana na kidonda kiloweshwe kwanza kwa maji kabla ya kukibandua.

Kuhusu maumivu, wazazi wengi huteseka bure wakidhani dawa zote zitamdhuru mtoto. Parasetamoli ya miligramu 500, vidonge 2 kila baada ya saa 6, bila kuzidi 8 kwa saa 24, inaruhusiwa kwa mama anayenyonyesha asiye na ugonjwa wa ini. Ibuprofeni nayo inaruhusiwa kwa asiye na vidonda vya tumbo, pumu inayochochewa nayo au tatizo la figo. Ukimeza nusu saa kabla ya kunyonyesha, mwili unalegea, na mama aliyelegea hakwepi pale mtoto anapokuja. Tumeona mara nyingi mshiko ukiharibika kwa sababu hiyo tu: mama anarudi nyuma sentimita moja kwa kuogopa, na mtoto anabaki na ncha.

Sasa tuingie kwenye kishawishi cha kuacha. Mama yule alikuwa na mpango wa kulipumzisha titi la kulia siku 3 na kumpa mtoto maziwa ya kopo. Nia ilieleweka. Shida ni kwamba titi halijui kupumzika. Maziwa yakibaki ndani, mwili husoma kwamba hayahitajiki na kupunguza utengenezaji. Na kabla hayajapungua, titi hukaza zaidi, weusi huwa mgumu, mtoto akirudi hushika vibaya kuliko mwanzo, na titi lililojaa lenye mpasuko ni njia rahisi ya uvimbe na maambukizi. Kupunguza dakika za kunyonya nako hakuponyi. Dakika 5 za kusagwa zinachana ngozi, na dakika 25 za mshiko mzuri hazichani.

Tulikubaliana hivi: mtoto anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo, akianza kushoto. Kama kulia kutashindikana kabisa, siyo kwa kuogopa bali kwa maumivu yasiyopungua hata baada ya kurekebisha mshiko, basi mtoto asiwekwe upande huo kwa saa 12 hadi 24, lakini maziwa yatoke kila muda wa kunyonya unapofika. Kukamua kwa mkono hakugusi kidonda ukifanya sawasawa: kidole gumba juu na cha shahada chini, sentimita 3 hivi nyuma ya chuchu, bonyeza kuelekea kifuani, kisha kutanisha vidole, achia, rudia, ukizungusha mkono ili pande zote za titi zifikiwe. Vidole havitelezi juu ya ngozi, na chuchu haivutwi. Maziwa hayo anapewa mtoto kwa kikombe kidogo, akiwa amekaa wima kiasi, ukingo wa kikombe ukigusa mdomo wa chini na maziwa yakifika midomoni ili ayalambe. Hayamiminwi kinywani. Mtoto wa siku 4 hutosheka na mililita 30 hadi 60 kwa mlo mmoja. Chupa tunaiepuka siku hizi, kwa sababu mtoto ambaye bado anajifunza kupanua mdomo kwa ajili ya titi huzoea kuufunga kwenye nyonyo nyembamba.

Anayetumia pampu aanze na mvuto mdogo kabisa na aangalie ukubwa wa faneli yake, ule mdomo wa pampu unaofunika chuchu. Chuchu ikisugua kuta za faneli, au weusi mwingi ukivutwa ndani, pampu yenyewe inakuwa chanzo cha kidonda cha pili.

Usiku wa kwanza mama alipiga simu kwa hofu: mtoto ametapika maziwa yenye michirizi ya damu. Mpasuko ulikuwa umetoa damu, mtoto akaimeza. Damu ya mama iliyomezwa namna hiyo haimdhuru mtoto, ingawa inaweza kuonekana kwenye matapishi au kutia weusi kwenye choo, na si sababu ya kuacha. Ila mtoto anayetapika damu wakati chuchu za mama hazina jeraha apelekwe hospitali mara moja.

Kuna wazazi ambao kwao damu au kidonda kwenye chuchu kinabadilisha mpango. Anayeishi na virusi vya Ukimwi, hata akiwa kwenye dawa, asinyonyeshe upande wenye mpasuko unaotoa damu mpaka upone. Anyonyeshe upande mzima, akamue upande wenye kidonda na kuyamwaga maziwa hayo, na awaone wahudumu wake siku hiyohiyo. Mwenye homa ya ini aina ya C naye asimame kwa muda kwenye chuchu inayotoa damu. Malengelenge ya hepesi kwenye titi ni hatari kubwa kwa mtoto mchanga: upande huo asiuguse kabisa. Hata kwa hao kukamua kunaendelea, ili maziwa yawepo kidonda kitakapopona.

Na kuna maumivu ambayo hayatokani na mshiko. Yakianza baada ya wiki kadhaa za kunyonyesha bila shida, yakaunguza chuchu zote mbili na kuendelea hata baada ya mtoto kuachia, ngozi ikang'aa au kubanduka, tazama mdomo wa mtoto: utando mweupe usiofutika kwa kitambaa unaashiria fangasi, na hutibiwa mama na mtoto kwa pamoja, la sivyo wanaambukizana tena. Chuchu inayogeuka nyeupe yote, kisha ya samawati, kisha nyekundu, hasa kwenye baridi, inabanwa mishipa ya damu. Ifunike na kuipasha joto mara tu mtoto anapoachia. Usaha au ukoko wa rangi ya njano unahitaji dawa kutoka kwa daktari. Na mtoto ambaye ulimi wake haufiki kwenye mdomo wa chini, ukiwa na ncha yenye umbo la kopa, anayealika kila mara na kuteleza hata ukimpakata vizuri, achunguzwe ukano wa chini ya ulimi. Mama akipata homa, baridi ya mwili na sehemu ya titi iliyo nyekundu, ngumu na yenye joto, asisubiri kuona kama itapita. Aendelee kuyatoa maziwa huku akitafuta matibabu.

Kwa mama yule hakukuwa na lolote kati ya hayo. Siku ya 6 mtoto alikojoa mara 7, na choo kilikuwa kimegeuka cha njano. Chuchu ya kulia ilikuwa na ukoko mwembamba, na maumivu yalidumu sekunde chache tu mwanzoni. Siku ya 9 mpasuko ulikuwa umefunga. Siku ya 11 ukafunguka upande mmoja tena, naye akasema hajui kwa nini, mshiko wa mchana ulikuwa mzuri. Tulipomuuliza juu ya usiku, alieleza kwamba alikuwa ananyonyesha akiwa amelala ubavu, kichwa cha mtoto kikiwa mkononi mwake. Mkono ulikuwa unamwinua mtoto kiasi kwamba mdomo ulifika usawa wa chuchu badala ya pua, na kidevu kikawa kimeinamia kifuani. Mkono ukaondolewa, mtoto akalazwa ubavu kwenye godoro tambarare, akishushwa kidogo kuelekea miguuni mwa mama ili pua ielekee chuchu, na mama akaweka mkono wake nyuma ya mabega ya mtoto. Siku ya 14 mtoto alikuwa na gramu 3,240, na chuchu zote mbili zilikuwa zinatoka za duara, mchana na usiku.